Petroli Kwenye Tangi la Dizeli: Kwa Nini Bima Kubwa Hukataa Kulipa Injini

Gari linapojazwa mafuta yasiyo yake, kosa huwa karibu kila mara la upande mmoja: petroli huingia kwenye tangi la dizeli. Kinyume chake hutokea kwa nadra, na sababu ni ya vipimo tu. Mdomo wa bomba la petroli isiyo na risasi una kipenyo cha milimita 21 hivi, na wa dizeli hufika milimita 24 au 25. Shingo ya tangi la gari la petroli imebanwa ili ipokee mdomo mwembamba pekee, kwa hiyo bomba la dizeli hugoma kuingia. Shingo ya gari la dizeli ni pana, na bomba la petroli huzama ndani bila kumshtua mtu. Baadhi ya watengenezaji wameweka kizuizi kinachofunguka kwa mdomo mpana tu, lakini magari mengi yaliyo barabarani hayana kinga hiyo.

Uingereza, ambako dereva hujijazia mafuta mwenyewe, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba madereva wapatao 150,000 hukosea namna hii kila mwaka. Tanzania na Kenya hali ni tofauti. Anayeshika bomba ni mhudumu wa kituo, na dereva mara nyingi hubaki kwenye usukani akihesabu pesa au akizungumza na simu. Hilux na Prado zimeuzwa za petroli na za dizeli zikiwa na sura ileile, na kibandiko cha kifuniko cha tangi kikishang'oka, mhudumu hubaki na neno la dereva tu. Tofauti hii ya nani alishika bomba itakuwa na uzito mkubwa baadaye, fidia inapotafutwa.

Kinachotokea ndani ya injini

Katika injini ya dizeli mafuta yana kazi mbili. Huungua, na pia hulainisha. Pampu ya presha kubwa, inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozo, katika magari mengi hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Dizeli ina utelezi wa asili. Petroli haina, na isitoshe ni kiyeyusho: huosha ule utando mwembamba uliokuwa ukitenganisha chuma na chuma. Vyuma vikianza kusuguana vikavu, hutoa vumbi laini linalometameta.

Dizeli za zamani zilistahimili jambo hili kwa kiasi fulani. Vitabu vya baadhi ya magari ya Ulaya ya enzi hizo viliruhusu dereva kuchanganya petroli kidogo wakati wa baridi kali ili dizeli isigande. Kutoka huko kumebaki ushauri ambao bado husikika gereji: ongeza dizeli juu yake, endesha taratibu, itajichanganya. Kwa pampu ya zamani ushauri huo haukuwa wa kipuuzi. Kwa injini za mfumo wa komoni reli, ulioanza kuingia kwenye magari madogo mwaka 1997, ni ushauri wa hatari. Mfumo huo hubana mafuta kwa presha inayofika bar 1,600 na katika injini nyingi hupita 2,000, ilhali tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo. Kwa presha kubwa kiasi hicho, pampu iliyokosa utelezi haidumu.

Ubaya zaidi ni kwamba vumbi la chuma halikai lilipozaliwa. Huingia kwenye reli, hufika kwenye matundu membamba ya nozo, na kwa kuwa mafuta yasiyotumika hurudi kwenye tangi kupitia bomba la marejeo, vumbi hurudi nalo na kuanza mzunguko upya. Ndiyo maana gereji makini ikishaona vumbi kwenye filta haikubali kubadilisha pampu peke yake. Pampu mpya itakula vumbi la ile ya kwanza na kufa kifo kilekile. Bili inayomshtua mwenye gari, yenye pampu, reli, nozo zote, mabomba na usafishaji wa tangi, kwa kawaida si ulafi wa fundi.

Dalili hazijitokezi papo hapo. Kwenye mabomba na kwenye filta bado mna dizeli iliyotangulia, hivyo injini huwaka vizuri na gari huondoka kituoni kama kawaida. Baada ya dakika chache petroli hufika. Petroli haikutengenezwa ijiwashe yenyewe kwa kubanwa. Huchelewa kuwaka, kisha huwaka kwa kishindo, na dereva husikia mlio wa kugonga. Nguvu hupungua, moshi huongezeka, taa ya injini huwaka, mwishowe gari huzima na kukataa kuwaka tena.

Kutokana na mpangilio huo, petroli iliyolala kwenye tangi bado haijavunja kitu. Uharibifu huanza mafuta yanapozunguka. Katika magari mengi kugeuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake kunatosha kuamsha pampu ndogo iliyo tangini, hata kama injini haijawashwa. Kosa likigundulika kituoni, ufunguo haugeuzwi. Gari hutiwa ngiri huru na kusukumwa pembeni, tangi hunyonywa, filta hubadilishwa, hewa hutolewa kwenye mabomba, na dizeli safi hujazwa.

Dizeli ikiingia kwenye gari la petroli, plagi hulowa, moshi hutoka, na injini huzima. Mara nyingi kunyonya tangi na kusafisha mfumo kunamaliza tatizo, ingawa kichujio cha gesi kwenye ekzosi kinaweza kudhurika gari likiendeshwa kwa nguvu. Ugomvi mkubwa na kampuni za bima hauko hapo.

Mkataba unasema nini

Wengi hukata bima kubwa wakiamini kwamba inalipa kila baya litakalolipata gari. Mikataba ya bima za magari ya Afrika Mashariki imerithi maneno yake kutoka Uingereza, na maneno hayo yana mipaka. Kampuni huahidi kufidia uharibifu wa ajali, moto na wizi. Kisha, kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, hutoa nje hasara inayofuatia hasara nyingine, kushuka kwa thamani, kuchakaa, na kuharibika au kuvunjika kwa mitambo na umeme wa gari.

Kifungu hicho cha mitambo ndicho kinachotumiwa mara nyingi kukataa dai la mafuta. Hoja ya kampuni ni hii: gari halikugongwa wala halikupinduka, pampu imekufa kwa kusuguana ndani, na pampu kufa ni kuharibika kwa mtambo. Kampuni ina sababu yake ya kibiashara pia. Ikifungua mlango wa kulipa pampu na nozo, italetewa kila pampu iliyochoka kwa uzee, na kuthibitisha kwamba hii imekufa kwa petroli na ile kwa umri ni kazi ngumu gari likishanyonywa mafuta.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini si ya mwisho. Sheria ya bima huuliza sababu iliyobeba uzito wa hasara ni ipi, si tukio la mwisho katika mnyororo. Kifungu cha mitambo kimewekwa kwa ajili ya kifaa kinachokufa kwa ugonjwa wake chenyewe. Petroli haikutoka ndani ya gari. Imeletwa kutoka nje, mara moja, bila kukusudia. Na pale ambapo maneno ya mkataba yanaweza kusomwa kwa maana mbili, kanuni ya zamani ni kwamba husomwa dhidi ya aliyeyaandika, yaani kampuni. Kwa mkataba usiotaja mafuta yasiyofaa kabisa, mteja ana jambo la kubishania.

Mkataba unaotaja kwa jina uharibifu unaotokana na mafuta yasiyo sahihi kuwa haulipwi hauachi nafasi ya mabishano hayo. Uingereza kampuni nyingi leo huandika wazi upande mmoja au mwingine: baadhi hulipa hadi injini, baadhi hulipa kunyonya tangi tu, nyingine hukataa yote. Msomaji wa mkataba wa huku nyumbani anapaswa kutafuta maneno hayo kwenye kurasa za mambo yasiyolipwa, si kwenye karatasi ya matangazo.

Kuna sababu moja ya kukataa ambayo haistahili heshima inayopewa, nayo ni uzembe. Dereva huambiwa kwamba hakuwa makini kituoni, hivyo hana haki. Lakini anayegonga gari la mbele kwa kutazama simu naye hakuwa makini, na bima kubwa humlipa. Uzembe wa kawaida ndio hasa unaokatiwa bima. Kampuni inayokataa kwa sababu hiyo peke yake inapaswa kuombwa ionyeshe kifungu.

Kifungu kinachowaangusha wateja wengi bila wao kukitarajia kiko kwenye masharti ya jumla. Husema kwamba gari likiharibika au kupata ajali kisha likaendeshwa kabla ya kutengenezwa, uharibifu wote unaoongezeka ni juu ya mwenye gari. Kwa mtu aliyegongwa bampa kifungu hiki kina uzito mdogo. Kwa dai la mafuta kinaweza kuwa kila kitu, maana karibu hasara yote huzaliwa katika kilomita zinazofuata.

Mfano wa kubuni, wenye bei za kukadiria tu, unaonyesha ukubwa wa pengo. Pikapu ya dizeli yenye tangi la lita 80 inaingia kituoni Morogoro ikiwa na dizeli lita 15. Mhudumu anaweka petroli lita 40. Karibu robo tatu ya kilichomo sasa ni petroli. Dereva akitazama risiti kabla ya kuwasha, gharama ni bredauni shilingi 200,000, kunyonya na kusafisha tangi 250,000, na filta 150,000: jumla 600,000. Asipotazama, anaondoka kuelekea Dodoma. Baada ya kilomita 3 injini inaanza kugonga, naye anaikaza akitumaini kufika gereji, hadi inazima kwenye kilomita ya 9. Juu ya zile 600,000 sasa kuna pampu 4,500,000, nozo nne kwa 1,600,000 kila moja, reli na mabomba 1,500,000, na ufundi 1,000,000. Bili ni shilingi 14,000,000.

Mtathmini wa hasara akitumwa, hataanzia kwenye bili. Atauliza mlio ulianza wapi na gari liliachwa wapi. Kilomita 3 za kwanza ziliendeshwa na mtu asiyejua. Sita zilizofuata ziliendeshwa na mtu aliyekwisha kuambiwa na gari lenyewe kwamba kuna kasoro, na hapo ndipo kampuni itakapochomoa kifungu cha kuongeza uharibifu. Kwa ufundi ni vigumu kugawa pampu moja kati ya kilomita 3 na 6. Kwa mazungumzo ya bima mgawanyo huo hufanywa, na kwa kawaida humwelemea mteja.

Nyongeza inapofaa

Nyongeza za bima zinazogusa mafuta ni za namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni msaada wa barabarani. Hii huleta bredauni, na baadhi hunyonya tangi papo hapo au gereji. Hailipi pampu wala nozo. Ni nyongeza ya bei ndogo na inafaa hasa kwa anayegundua kosa mapema. Katika mfano wa Morogoro ingemaliza sehemu kubwa ya zile 600,000 na isingegusa zile milioni 14.

Ya pili ni kinga ya mafuta yasiyo sahihi yenyewe, inayotajwa kwa jina na kuondoa kile kifungu cha mitambo kwa tukio hilo moja. Thamani yake iko kwenye maneno machache. Je, inalipa uharibifu wa injini au usafishaji tu? Ina kikomo gani kwa tukio? Mteja huchangia kiasi gani kwanza? Inamfuata dereva yeyote aliyeruhusiwa, au mwenye bima peke yake? Tuseme kikomo ni milioni 5 na mteja huchangia asilimia 10 ya malipo. Kwa bili ya milioni 14 atapokea 4,500,000, na 9,500,000 zitabaki kutafutwa kwingine. Si haba, lakini si kinga ya injini kama wakala anavyoweza kuieleza. Nyongeza iitwayo kinga ya injini nayo isomwe kwa shaka, kwa kuwa nyingi za aina hiyo zilitungwa kwa ajili ya maji ya mafuriko yanayoingia kwenye injini, na petroli inaweza isiwemo kabisa.

Dhamana ya mtengenezaji haisaidii hapa hata gari likiwa jipya. Dhamana hulipa kasoro ya kiwanda. Mafuta yasiyofaa si kasoro ya kiwanda.

Hisani ya kampuni na deni la kituo

Kampuni ya bima inaweza kulipa hata pale inapoamini haiwajibiki. Malipo hayo ya hisani hutolewa bila kukiri wajibu, kwa kawaida ni sehemu tu ya hasara, na hayamfungi mlipaji kufanya hivyo tena. Si huruma tupu. Kampuni hupima thamani ya kumbakisha mteja dhidi ya kiasi kinachoombwa. Mteja wa miaka mingi asiye na madai, taasisi yenye magari mengi, au dalali anayeleta biashara kubwa, hao husikilizwa. Pia husikilizwa dai lililo mpakani, ambapo mkataba hautaji mafuta kwa jina na kampuni haina hakika ingeshinda mbele ya msuluhishi.

Ombi la hisani hufaulu zaidi linapokuwa dogo na safi: taarifa ilitolewa siku ileile, gari halikuendeshwa baada ya mlio, na kinachoombwa ni kunyonya tangi na filta, au sehemu ya pampu. Linashindwa pale hadithi inapobadilika. Dereva anayesema leo kwamba aliegesha mara moja, kisha gereji ikaandika kwamba gari lilivutwa kutoka kilomita 9, amepoteza hisani, na pengine dai lote, maana maelezo ya uongo huipa kampuni sababu ya kujitoa kwenye mkataba.

Hata hivyo, pale ambapo mhudumu ndiye aliyekosea, mdaiwa wa kwanza si bima. Ni kituo. Mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi wake alilofanya kazini, na kituo kilichoombwa dizeli kikatoa petroli kimekosea katika uzembe na katika mauzo vilevile. Baadhi ya vituo vina bima ya dhima inayogusa mafuta yaliyotolewa kimakosa. Vingine hulipa mfukoni. Tabia mbaya iliyozoeleka ni kumkata mhudumu mshahara na kumwacha ajadiliane na mwenye gari. Mhudumu hana milioni 14, na mwenye gari hapaswi kukubali kwamba deni ni la kijana yule.

Risiti ndiyo shahidi wa kwanza. Risiti ya kielektroniki huonyesha aina ya mafuta, lita na saa. Ikisoma petroli ilhali gari ni la dizeli, swali linalobaki ni dereva aliomba nini, na hapo picha za kamera za kituo, zikiombwa kabla hazijafutwa, zinaweza kuonyesha mazungumzo au angalau gari likiwa kwenye pampu ipi. Ikisoma dizeli ilhali tangi lina petroli, jambo ni zito zaidi: huenda ghala la kituo lenyewe limechanganyika, na magari mengine yatakwama siku hiyohiyo. Hilo ni la kupelekwa EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Shahidi wa pili ni mafuta yenyewe. Kabla tangi halijanyonywa na kumwagwa, sampuli huchukuliwa katika vyombo safi vya kioo au chuma, hufungwa kwa lakiri, na kila upande hubaki na yake. Maabara haihitaji mbinu za ajabu. Dizeli haitoi mvuke unaoshika moto hadi ipate joto la nyuzi 55 au zaidi, na petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali, hivyo petroli kidogo tu hushusha kipimo waziwazi. Filta ya zamani nayo ihifadhiwe bila kuoshwa. Fundi anayeitupa kwa nia njema ametupa ushahidi wa vumbi la chuma.

Mtego wa mwisho uko kwenye karatasi ya maridhiano. Meneja wa kituo hutoa shilingi 500,000 jioni ileile na kuomba sahihi kwamba madai yote yamekwisha. Mwenye gari hutia sahihi akidhani hizo ni za kunyonya tangi, kisha wiki ijayo nozo zinakufa. Hapo amepoteza kituo, na mara nyingi amepoteza bima pia. Kampuni inayolipa dai hurithi haki ya mteja ya kumdai mkosaji. Mteja akishaifuta haki hiyo bila idhini, kampuni ina sababu halali ya kukataa. Pesa za dharura zinaweza kupokewa, lakini kwa maandishi yanayosema ni malipo ya awali, na nakala ipelekwe kwa kampuni ya bima kabla ya sahihi.

Kampuni ikikataa, ombwa ikatae kwa barua inayotaja kifungu. Barua hiyo ndiyo inayopelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima nchini Tanzania, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima nchini Kenya, na bila kifungu kilichotajwa hakuna cha kubishania. Dai la mafuta lenye risiti, sampuli na gari lililoachwa pale lilipoanza kugonga lina nafasi nzuri ya kulipwa na kituo, na nafasi ya wastani kwa bima isiyo na nyongeza. Likikosa vitu hivyo vitatu, bili hubaki kwa mwenye gari.